Uzi wa Kofia na Nyaya Thelathini na Moja

Ruta yetu ilikufa Jumapili baina ya Magharibi na Isha, na aliyeiua ni mimi. Nakiri mapema kwa sababu kwa siku mbili nzima niliwatuhumu watu wa nyumba hii mmoja baada ya mwingine, mpaka mavyaa akaniuliza kwa upole wake ule unaouma kuliko kelele: "Mwanangu, si wewe niliyekuona umeinama nyuma ya tivii na ufagio?"

Ni kweli. Nilikuwa nafagia nyuma ya meza ya tivii, nikachomoa vichwa viwili vya umeme ili ufagio upite, kisha nikavirudisha. Vyote viwili vyeusi, vyote vina ncha ya duara yenye tundu katikati, na kila ncha inaingia kwenye kifaa cha mwenzake bila ubishi. Kimoja cha dekoda, volti 12. Cha pili cha ruta, volti 9. Nikavipishanisha. Dekoda ikawasha taa, ikazima, ikawasha, ikazima, kama mtu aliyeshikwa na chafya. Hiyo ndiyo dalili ya kifaa kilichopewa volti pungufu, ila wakati ule sikuijua. Ruta nayo iliwaka vizuri kabisa, taa zote za kijani, na baada ya robo saa ikaanza kunuka plastiki. Ziko ruta zinazostahimili volti tatu za ziada. Yetu haikuwa miongoni mwao.

Tunaishi Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya ghorofa ya vyumba vinne yenye soketi chache za zamani. Aliyezipanga hakuwaza kwamba iko siku kila mja atatembea na simu. Tuko watu saba. Kuna mavyaa na kabambe yake, mume wangu, mimi, shemeji anayefanya kazi bandarini zamu ya usiku, wifi anayesoma chuo na laptopu yake, na wanangu wawili: mkubwa wa miaka 16 aliyerithi aifoni kuukuu ya ami yake, na mdogo wa miaka 11 mwenye tableti iliyopasuka kioo. Ongeza spika ya blututhi, mashine ya kunyolea, pawabenki mbili, na ile taa ya dharura tunayoikumbuka tu stima inapopotea. Neno la kwanza linalosikika nyumbani mwetu baada ya Alfajiri, ukiacha salamu, ni "waya wangu uko wapi?"

Baada ya msiba wa ruta niliamua kuweka alama kila kitu. Dawa yangu ya kwanza ikawa majina. Nilinunua tepu ya karatasi, ile wanayobandika mafundi wa rangi pembeni mwa madirisha, nikakata vipande, nikaandika jina la kila mtu kwa kalamu ya wino na kuvibandika kwenye nyaya zote nilizoziona. Watu walinisifu. Wiki ya pili ncha za tepu zikaanza kujikunja, wino ukasambaa kwa jasho la mikono, na jina la mume wangu likasomeka kama la mtu mwingine kabisa. Nikahamia tepu nyeusi ya umeme, nikiamini kwamba kwa kuwa ni ya mafundi basi ni ya kudumu. Kwa joto letu la Februari na Machi tepu hiyo haidumu. Gundi yake hulainika ikatokea kingoni, tepu ikateleza taratibu kuelekea chini ya waya, na pale ilipokuwa hubaki utando wa kunata unaokusanya manyoya ya godoro. Bado ninao waya mmoja wenye utando huo. Ukiushika, unakushika.

Hata hivyo, hata kama tepu ingedumu, majina yasingesaidia, na hili nilifahamishwa na shemeji. Nilimkuta asubuhi, ametoka zamu, simu yake imechomekwa kwenye waya wenye jina langu ilhali wake unaning'inia pembeni. Nikamwonyesha jina. Akaniambia, "Shemeji, mimi nalala kwa saa nne tu. Huo wenye jina langu haupeleki chaji. Huu wako ndio unaopeleka."

Hakuwa akileta ubishi. Jina linasema waya ni wa nani, wala halisemi waya unafanya nini. Mtu mwenye asilimia nne na safari ya kutoka baada ya nusu saa hatafuti waya wake. Anatafuta waya unaofanya kazi. Niligundua kwamba nyumba nzima ilikuwa ikizunguka nyaya mbili tatu nzuri, na zilizobaki zilikuwa mapambo. Huo ndio ulikuwa wizi wetu wote.

Basi nikaanza upya, mara hii kwa kuhesabu. Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilitandika mkeka sebuleni nikaagiza kila kitu chenye waya kiletwe: kutoka mikobani, chini ya mito, droo ya jikoni, na mfuko wa kanzu ya mtu nisiyemtaja. Vichwa vilikuwa 14. Nyaya zilikuwa 31. Nyaya 31 kwa watu saba, na bado tulikuwa tunagombana.

Nane zilikuwa zimekufa kabisa. Saba zilikuwa zile za kubembeleza, zinazochaji ukizipinda upande mmoja na kuziwekea sahani juu. Zote 15 nilizikata kwa mkasi mbele ya mashahidi. Kuzitupa bila kuzikata hakusaidii, kwa sababu waya mzima kwa macho una miguu. Utaukuta tena kwenye droo baada ya mwezi, na kuna mtu ameuokoa kwa nia njema. Ila nitoe tahadhari kabla hujashika mkasi: hakikisha kwanza ubovu ni wa waya, si wa tundu la simu. Tundu la simu inayokaa mfukoni hujaa manyoya ya nguo yanayoshindiliwa ndani kila unapochomeka. Dalili yake ni kwamba waya hauingii mpaka mwisho, huusikii ukibana, na nyaya zote zinalegea kwenye simu ileile. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, kwangua polepole. Kwenye simu ya mume wangu nilitoa donge la ukubwa wa punje ya mtama, na nyaya mbili zilizokuwa zimehukumiwa zikapona papo hapo.

Zikabaki 16. Mbili za aifoni, tano za maikro, na tisa za taipu C, na humu ndimo ulimokuwa mgogoro, kwa sababu simu nne za watu wazima zote ni za taipu C na nyaya tisa hizo kwa macho ni mapacha. Nilizijaribu moja moja. Nilitumia simu moja, kichwa kimoja kizuri, na nilianza kila mara simu ikiwa kati ya asilimia 20 na 50, kwa sababu betri ikikaribia kujaa hupunguza yenyewe kasi ya kupokea na jaribio linakuwa la uongo. Simu inalala, kioo kimezimwa, dakika 15 kwa saa ya ukutani, kisha naandika asilimia ngapi zimeongezeka. Ilinichukua jioni tatu. Waya bora uliongeza 17. Mbaya uliongeza tatu. Tatu! Huo ndio uliokuwa na jina la shemeji.

Ukitaka njia ya mkato, soma kioo mara tu unapochomeka. Simu nyingi huandika `Charging rapidly` au `Fast charging` mambo yakiwa sawa, na `Charging` peke yake, au hata `Charging slowly`, yakiwa si sawa. Saa ya ukutani inaaminika zaidi, lakini kwa kuchuja haraka maneno hayo yanatosha.

Kwa nini mapacha watofautiane hivyo? Wifi ndiye aliyenieleza, na nikaukata waya mmoja uliokufa kuhakikisha. Vichwa vyetu vingi ni vya tundu la zamani, lile pana la mstatili. Waya kamili wa kichwa kama hicho una nyuzi nne ndani: mbili za kupitisha moto na mbili za maongezi. Kwa nyuzi za maongezi simu na kichwa huulizana, wewe unaweza kutoa kiasi gani, mimi naweza kupokea kiasi gani, wakikubaliana kasi inapanda. Nyaya rahisi mara nyingi huwekewa nyuzi mbili tu, za moto. Simu ikikosa wa kuongea naye huchukua kidogo kidogo kwa tahadhari. Nyaya hizo tumeziita bubu. Kuzijua ni rahisi: chomeka simu kwenye laptopu kwa waya huo, na laptopu isipoiona simu kabisa, huyo ni bubu. Nyingine zina nyuzi zote nne lakini shaba yake ni nyembamba mno, hivyo umeme unachoka njiani. Hizi laptopu itaziona, na ni dakika 15 pekee zitakazozifichua.

Matokeo ya jioni tatu ni haya: katika nyaya tisa, tatu ndizo zilizokuwa za kasi. Katika vichwa vinane vya simu, viwili tu ndivyo vya kasi. Sita vilivyobaki vimeandikwa volti 5 na ampea 1, yaani wati 5, vya enzi za simu zenye betri ndogo. Na watumiaji ni wanne. Hesabu hiyo ingekuwa imefanywa mwanzo, nisingenunua tepu hata moja. Alama haizai waya. Ukiwa na watu wanne na seti mbili, utaweka majina, rangi na muhuri wa kadhi, na bado mtanyang'anyana. Tulinunua vichwa viwili na waya mmoja, kwenye duka la vifaa vya simu upande wa Mwembe Tayari, na sikutoa pesa mpaka niwe nimechomeka simu yangu pale pale kwenye kaunta nikaona maneno yenyewe kwenye kioo. Muuzaji alinitazama kama ninayeonja tende kabla ya kununua. Ndivyo nilivyokuwa.

Sasa ndipo alama zikawa na maana, na hapa mavyaa ndiye fundi.

Yeye hushona kofia. Kila alasiri utamkuta barazani na kofia yake, sindano na vibunda vya nyuzi. Nilikuwa namlalamikia habari ya tepu, akanyoosha mkono nimpe waya, akachomoa uzi mwekundu, na kabla sijamaliza sentensi alikuwa ameuviringisha pete safi isiyo na fundo hata moja la kuonekana. "Marehemu baba mkwe wako alikuwa akifunga hivi ncha za kamba za jahazi zisifumuke," akasema.

Namna yenyewe ni hii, na nimeifundisha hata kwa mwanangu mdogo wa miaka 11. Unakunja uzi kitanzi kidogo na kukilaza kando ya waya, kichwa cha kitanzi kikielekea upande utakakomalizia. Kisha unauzungusha uzi mrefu juu ya kitanzi hicho na waya kwa pamoja, kwa kubana, mzunguko ukigusana na mzunguko, mara kumi hivi, mpaka kibaki kichwa cha kitanzi tu kinachochungulia. Unapitisha ncha ya uzi ndani ya kichwa hicho, halafu unaivuta ile ncha nyingine uliyoiacha mwanzoni. Kitanzi kinazama chini ya mizunguko na kuimeza ncha. Unakata mabaki pande zote mbili. Pete haina fundo la kukwaruza wala gundi ya kuyeyuka kwa joto.

Kuna mambo mawili niliyojifunza kwa kukosea. La kwanza ni mahali. Nilianza kufunga shingoni kabisa, pale waya unapoingia kwenye kichwa chake, na pale ndipo unapopindika kila siku. Pete ikaufanya upindike kwa pembe kali mahali pamoja, na waya mmoja mzuri ukaanza kubembelezwa. Sasa tunafunga umbali wa vidole vitatu kutoka shingoni. La pili, tunafunga ncha zote mbili. Simu ikiwa kitandani unaona ncha moja, na kwenye ekstensheni yenye vichwa vinne unaona nyingine, na ugomvi unaweza kuanzia upande wowote. Juu ya pete tunapaka tabaka jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi ili uzi usinywe jasho na kuwa mweusi. Chupa hiyo ilikuwa imelala kabatini tangu harusi ya binamu yangu. Rangi ya kucha haipitishi maji ya udhu, hivyo kwangu ina siku zake chache tu. Sasa imepata kazi ya kudumu.

Kila mtu alichagua rangi yake. Wifi kijani, mume wangu buluu, shemeji nyekundu, mimi zambarau. Nyaya za nyumba, yaani za spika, pawabenki na tableti, zikapewa nyeupe. Tulidhani tumemaliza, kisha stima ikapotea usiku wa tatu. Gizani nyekundu, kijani na zambarau ni ndugu wa tumbo moja. Shemeji, ambaye hulala mchana na mapazia yamefungwa, akasema kwake hali hiyo ni ya kila siku. Mavyaa akaongeza hesabu: mume wangu pete moja, mimi mbili, wifi tatu, shemeji nne, zikiachana kwa upana wa ukucha. Sasa unapapasa tu kwa kidole gumba unajua umeshika wa nani. Nyaya za nyumba zina pete moja pana, kama sentimita mbili. Ikiwa kuna kitu kimoja katika makala haya ningependa ukichukue, ni hizo pete za kupapasa. Sijaona tepu iliyochapishwa inayoweza kusomwa gizani.

Za aifoni hatukuziwekea chochote. Ziko mbili, mtumiaji mmoja, na ncha yake haiingii kwa mwingine. Aifoni zilianza ncha hiyo mwaka 2012 na zikahamia taipu C mwaka 2023, kwa hivyo siku kijana akibadilisha simu naye ataingia kwenye pete. Mavyaa alikataa kuwekewa. Waya wa kabambe yake ni maikro na unakaa chini ya mto wake. "Kwangu hakuna mwizi," alisema, na ni kweli, maana hakuna mwenye haja nao.

Turudi kwenye vile vichwa vyeusi vilivyoiua ruta, maana huku kosa halikucheleweshi tu, linaunguza. Kwenye simu, kichwa na simu huongea kabla ya kupandisha volti. Vichwa vya ncha ya duara haviongei na mtu. Vinatoa vilichoandikiwa, basi. Kwa hivyo alama yake lazima iseme mambo mawili, kifaa na volti, na iwekwe mahali patatu: juu ya kichwa chenyewe, karibu na ncha ya duara, na juu ya kifaa pembeni mwa tundu. Sababu ya mahali patatu ni yangu mwenyewe na ufagio wangu. Nilipokuwa nyuma ya tivii nilikuwa naona ncha na matundu. Maandishi ya kichwa yalikuwa yameelekea ukutani, kwa herufi ambazo hata kwa miwani ni taabu.

Ukikisoma kichwa, usisome mstari wa `INPUT`. Huo ni wa upande wa ukuta, na kwenye vichwa vya siku hizi husema volti 100 hadi 240. Soma `OUTPUT`. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye kifaa, sawasawa. Ampea za kichwa ziwe sawa au zaidi ya zile za kifaa. Zikizidi hakuna madhara, kwa sababu kifaa huchukua kinachohitaji tu. Zikipungua, kifaa huzimika kikianza kazi nzito. Ruta mpya tuliyoletewa ni ya volti 12 ampea 1, na dekoda ni volti 12 ampea 1.5. Sasa nikivipishanisha ruta haitaungua, lakini dekoda huenda ikaanza tena chafya zake. Kuna pia mchoro mdogo wa duara na alama za kujumlisha na kutoa: unaonyesha kama katikati ya ncha ni chanya au hasi. Vyetu vyote katikati ni chanya, ila kabla ya kuazima kichwa cha jirani linganisha mchoro huo na ule wa kifaa.

Kwa vichwa hivi uzi hautoshi kwa kuwa kuna maandishi. Nilitumia karatasi ndogo iliyoandikwa DEKODA 12V 1.5A, nikaifunika kwa ule mpira wa mafundi unaonywea ukipata moto, aina inayopenya mwanga. Hapo pia nililipa ada ya ujinga. Mpira wa kawaida hunywea mpaka nusu ya upana wake. Ncha ya dekoda ina unene wa milimita 10 hivi na waya wake milimita nne; mpira mpana wa kutosha kupita juu ya ncha, milimita 12, ukinywea nusu unabaki sita na unacheza cheza kwenye waya kama bangili. Unahitaji ule unaonywea mpaka theluthi, yaani 12 kuwa nne. Dukani uulizie hilo kwanza. Mashine ya kukaushia nywele ya wifi haikutoa joto la kutosha. Kiberiti cha gesi kilitosha, ukikipitisha upesi kwa chini bila kukituliza mahali pamoja. Juu ya kichwa na juu ya kifaa niliweka tone la rangi ya kucha ya rangi moja: machungwa kwa dekoda, waridi kwa ruta. Hata mwanangu mdogo anajua waridi kwa waridi.

Vichwa viwili havikupata mwenyewe. Vimeandikwa volti zake na kuwekwa kwenye mkebe wa biskuti, na mkebe huo una maandishi: yatima.

Kuhusu mahali pa kukaa sina mengi. Vichwa vya kasi havitoki kwenye soketi zake, nyaya ndizo zinazotembea. Nyuma ya mlango wa sebule kuna kibao chenye misumari minane, kila msumari na uzi wake umefungwa juu yake ili ule ulio mtupu uonekane. Nilikuwa nimekipigilia karibu na dirisha la upande wa bahari, nikakihamisha baada ya kuona ncha za waya mmoja zimeota ukijani kwa upepo wa chumvi. Nilizisugua kwa mswaki uliochovywa spiriti, waya ukiwa umechomolewa, nikauacha ukauke. Na usifunge nyaya kwa raba za kufungia pesa. Kwa joto hili raba hukatika au hugeuka ulimbo. Tunatumia vitambaa vya pindo la leso kuukuu.

Lililonishinda ni laptopu ya wifi. Kichwa chake cha wati 65 ni taipu C pande zote mbili, na waya wake kwa sura ni sawa na wa simu. Waya wa kawaida wa namna hiyo umepangiwa ampea 3, yaani wati 60. Wa ampea 5 una kijidude ndani kinachojitambulisha kwa kichwa, na kwa nje hakionekani. Wifi ameuwekea pete tatu za kijani na mkia wa uzi unaoning'inia, na amekataza kuguswa. Mwanangu mkubwa aliugusa, si kwa kuchaji, alitaka kuona hicho kijidude. Bahati nzuri hakupata mkasi.

Wiki iliyopita tulikuwa na wageni kutoka Malindi, watu sita kwa siku tatu, na walipoondoka msumari wa shemeji ulikuwa mtupu. Jana nikapokea picha kwenye simu: waya wenye pete nne nyekundu juu ya meza nisiyoijua, na swali chini yake, huu si wenu huu? Nimemwambia shemeji umepatikana. Ameuliza unarudi lini, na kwa sasa anatumia wa zambarau.